Barua kwa Jirani Kuhusu Ukuta wa Mpaka

Barua ya kumwomba jirani washirikiane kujenga ukuta wa mpaka huanzia kwenye bikoni, si kwenye bei. Mwenye nyumba hupendekeza wazitafute pamoja, na zisipoonekana mpimaji aitwe kabla ya kuchimba msingi, maana mstari ukikosewa hata futi moja huzaa kesi. Kisha hutaja vipimo: ukuta wa mita 20, kimo mita 2, hula tofali za inchi 6 zipatazo 400, mbali na msingi na nguzo. Kugawana nusu kwa nusu ni haki ukuta ukikaa katikati ya mstari; anayetaka urembo upande wake aulipie mwenyewe. Linalosahaulika sana ni matengenezo: ufa ukitokea baadaye, nani atalipa? Wakikubaliana, husaini nakala mbili mbele ya mashahidi.