Mabanga: Franka 500 za muuzaji, nani atatoa hesabu yake?

Goma – Watu wengi wakisikia neno uwajibikaji wanafikiri ni jambo moja: kiongozi aje aeleze. Lakini kuna namna nne za kumdai kiongozi hesabu, na kila moja ina mlango wake. Anayebisha mlango usio wake mara nyingi hurudi nyumbani bila jibu.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndizi na makala kando ya barabara huko Mabanga, komini ya Karisimbi. Kila asubuhi anapita mtu kumtoza franka 500 za usafi, bila kumpa kitansi. Pembeni ya meza yake takataka zinazidi kupanda. Mama huyo anaweza kumuuliza nani?

Mlango wa kwanza ni wa kisiasa. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini ni kata tu. Kata haina bajeti yake, na shefu wa kata hana uwezo wa kuanzisha takse. Kufuatana na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu utawala wa mitaani, bajeti ni ya komini, na ni baraza la komini linaloipitisha. Washauri wa baraza hilo wana haki ya kumwita bugumesta na kumuuliza pesa za usafi zilienda wapi. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, raia walipiga kura kuchagua washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo. Kwa mlango huu adhabu ni ya kisiasa: kiongozi anapoteza kiti, hafungwi.

Mlango wa pili ni wa kiutawala. Hapa haulizwi aliyechaguliwa, anaulizwa mtumishi na mkubwa wake wa kazi. Mtoza takse anayerudi jioni na pesa chache kuliko vitansi alivyokata huandikiwa barua ya kuomba maelezo, naye hujibu kwa maandishi. Kwa watumishi wa serkali, sheria ya 2016 imepanga adhabu kwa ngazi: karipio, kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kwa muda, na mwisho kufukuzwa kazini. Hata komini yenyewe inaangaliwa: kabla ya kuanzisha takse mpya, uamuzi wake lazima upite kwa gavana.

Mlango wa tatu ni wa sheria. Takse ambazo jimbo na komini zinaweza kutoza zimeandikwa katika orodha ya tarehe 13 Machi 2018. Mtumishi anayetoza kitu akijua hakidaiwi, au anayezidisha bei, anaangukia kipengele cha 146 cha kitabu cha sheria za makosa: kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano. Akiila pesa ya serkali aliyopokea, kipengele cha 145 ni kikali zaidi. Lakini hakimu anataka ushahidi. Bila kitansi, inabaki neno la mama dhidi ya neno la mtoza takse.

Mlango wa nne ni wa raia wenyewe. Kipengele cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serkali barua ya madai, peke yake au pamoja na wengine, na serkali inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Goma inaijua njia ya madai ya raia: vuguvugu la LUCHA lilizaliwa mjini humo mwaka 2012, na vijana wake walidai maji, barabara na kazi. Njia hii haifungi mtu wala haimtoi kitini. Nguvu yake ni kulazimisha milango mingine mitatu ifunguke.

Na milango hiyo imekuwa ikifungwa. Tangu Mei 2021, chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, maafisa wa jeshi na polisi walichukua nafasi za viongozi wa kiraia, na kesi za makosa zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji uko mikononi mwa AFC/M23, ambayo iliweka viongozi wake. Kiongozi ambaye hakuwekwa na baraza lililochaguliwa haogopi kura ya baraza.

Kwa muuzaji wa Mabanga, kinachobaki mkononi ni karatasi. Kitansi chenye tarehe, kiasi, jina la takse na muhuri kinaonyesha ni nani alipokea na kwa niaba ya nani. Mshauri, mkubwa wa kazi, hakimu na majirani wanaoandika barua ya madai, wote wangeanzia hapo. Ndiyo maana mtoza takse mwenye nia mbaya husahau kwanza kitabu chake cha vitansi.