Ukinzani wa Tokeo katika Kikuza chenye Mrejesho

Maelezo ya kikuza 741 yanataja ukinzani wa tokeo wa omu 75. Hata hivyo, kikuza hicho kikiisha kufungwa mrejesho hasi, volteji ya tokeo haielekei kushuka mzigo unapoongezwa. Omu hizo 75 zimekwenda wapi?

Tuchukue saketi ya kukuza mara 10. Rezista ya omu 9,000 inatoka kwenye tokeo hadi ingizo hasi, na ya omu 1,000 inatoka hapo hadi ardhini. Ukuzaji wa kikuza chenyewe, A, ni 200,000 kwa mkondo mnyoofu.

Kwanza tuzime ishara kwa kuunganisha ingizo chanya na ardhi. Wanafunzi wengi husahau jambo hili, na hesabu yote huharibika. Kisha tuweke kwenye tokeo chanzo cha majaribio chenye volteji ndogo V, tutafute mkondo unaoingia. Sehemu moja ya kumi ya V hurudi kwenye ingizo hasi, na chanzo cha ndani ya kikuza hujibu kwa −20,000V. Basi kati ya ncha mbili za omu 75 pana 20,001V, wala si V peke yake. Mkondo ni 20,001V/75, na ule unaopita katika rezista za mrejesho ni mdogo mno. Tukigawa V kwa mkondo huo tunapata omu 0.00375. Omu 75 zingalipo. Mrejesho ndio unaoongeza mkondo.

R. B. Blackman wa maabara za Bell alitoa mwaka 1943 kanuni inayofika hapo hapo:

Z = Z0 (1 + Ts) / (1 + Tw)

Z0 ni ukinzani wa tokeo A ikiwa sifuri: omu 75 sambamba na 10,000, yaani 74.4. T ni uwiano wa mrejeo. Huupata kwa kuweka volti 1 huru mahali pa chanzo cha ndani, kisha kuangalia chanzo hicho kingeamriwa kutoa volti ngapi, na kugeuza alama. Tokeo likifungwa shoti hakirudi kitu, hivyo Ts = 0. Likiwa wazi, Tw = 200,000 × 1,000/10,075, takriban 19,851. Gawanya 74.4 kwa 19,852: jibu ni lile lile. Mrejesho ungechukuliwa kutoka kwenye mkondo wa mzigo, Tw ndiyo ingekuwa sifuri, na ukinzani ungepanda.

Usijaribu kupima omu 0.00375 darasani; nyaya zenyewe huzidi hapo. Pima kwa hezi 10,000, ambapo A imeshuka hadi karibu 100 na kuchelewa kwa robo ya mzunguko. Tw sasa ni kama 9.9, na impidensi ni takriban omu 7.5. Mkondo wa majaribio wa miliampea 1 utaonyesha milivolti 7.5 kwenye osiloskopu, na volteji itautangulia mkondo kwa nyuzi 84 hivi, kana kwamba ndani ya tokeo mna koili.