Mhitimu wa Kilimo Nje ya Shamba (2): Ndama 40, Mrija Mmoja

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata bwana shamba na mfuko wake wa udongo. Leo tumgeukie mwenzake wa upande wa mifugo. Nitamweleza kwa ugonjwa mmoja tu, ndigana kali, kwa kuwa ndani yake udaktari na ugani havitenganiki, na wahitimu wengi hulijua hilo wakiwa wameshapata hasara.

Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huletwa na kimelea kinachobebwa na kupe. Tezi la chini ya sikio huvimba, homa hupanda, kisha ndama huanza kuhema kwa shida na kutokwa povu puani. Akifika hapo, mara nyingi ameshachelewa.

Chanjo yake si kama ya kideri au ya kimeta. Ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, na ndani yake mna vimelea hai vya ugonjwa wenyewe. Ndama huambukizwa kwa makusudi, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ili ugonjwa uanze lakini usimshinde. Mwili hupata nafasi ya kumtambua adui, na kinga inayobaki hudumu miaka mingi.

Kwa kuwa vimelea ni hai, chanjo hukaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja mdogo, mwembamba kama njiti ya ndani ya kalamu, kwa kawaida huwa na dozi 40. Ukishauyeyusha na kuuchanganya na maji yake maalumu, unauweka kwenye barafu na kuumaliza ndani ya saa chache. Haurudi kwenye mtungi.

Tuseme umefika kwenye boma ukiwa na mrija wako, na wamekuja ndama 26. Dozi 14 zitamwagwa, na gharama yake ama uibebe wewe, ama uwatwishe wenye ndama 26. Ndiyo maana siku ya chanjo huanza wiki moja kabla: kuzungumza na wazee, kumwona mwenyekiti wa kitongoji, kuchagua siku isiyo ya mnada, kukubaliana bei mbele ya wote. Huo ndio ugani. Anayeuona kuwa kazi ya mtu mwingine hatadumu katika biashara hii.

Ndama wakishaingia zizini, kila mmoja anapimwa kwa utepe kifuani ili ujue uzito wake. Ile oksitetrasaiklini ya asilimia 30 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo ndama wa kilo 60 anapata mililita 6, ndani ya msuli. Chanjo yenyewe ni mililita 1 tu, chini ya ngozi karibu na sikio. Anayekadiria kwa macho ndiye huharibu. Akimdhania wa kilo 60 kuwa wa 40, ndama atapata mililita 4, na vimelea aliyemtia kwa mkono wake vinaweza kumuua. Mwenye homa au aliyedhoofu haguswi siku hiyo. Waliochanjwa huvishwa hereni, na mnunuzi mnadani huitazama.

Unapaswa kurudi. Kati ya siku ya 10 na ya 20 hivi, wachache wanaweza kupandwa na homa na tezi kuvimba, na hao hutibiwa haraka. Mwambie mfugaji pia, tena mapema, kwamba chanjo hii haizuii ndigana baridi wala maji moyo. Asiache josho. Usipolisema, ndama akifa kwa ugonjwa mwingine, boma zima litaamini ulichochoma ni uongo.

Nani anaruhusiwa kuchanja? Tanzania, shahada ya udaktari wa mifugo huchukua miaka mitano pale SUA, Morogoro, na mhitimu husajiliwa na Baraza la Veterinari kabla ya kufanya kazi. Mwenye shahada ya sayansi ya wanyama ana nafasi zake katika vyakula vya mifugo, uzalishaji na ugani, lakini si daktari, na asijitangaze hivyo. Mwenye stashahada ya afya ya mifugo hufanya kazi nyingi za mikono chini ya usimamizi wa daktari, na mara nyingi ndiye anayeyajua maboma kwa majina. Nimeona timu nzuri zaidi zikiwa za daktari na mwenye stashahada: mmoja ana mtungi, mwenzake ana imani ya wafugaji.

Wewe uliye mwaka wa mwisho, likizo hii mtafute mchanjaji aliyesajiliwa, mwombe ushike utepe na daftari, kisha rudi naye siku ya 14 uwaangalie ndama wale wale.