Kumtafuta Sembène: filamu tatu na nakala zake

Mwanafunzi anayetaka kujua sinema ya Afrika ya miaka ya 1960 aanze na filamu tatu za Ousmane Sembène wa Senegali, azitazame kwa mpangilio zilivyotoka. Sembène alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipokwenda Moscow kusomea filamu, kwa kuwa aliona wengi wa wale aliowaandikia hawakujua kusoma.

Ya kwanza ni *Borom Sarret* ya 1963. Kwa dakika 20 hivi tunamfuata mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar, anayefanya kazi kutwa na kurudi nyumbani mikono mitupu. Ya pili, *La Noire de...* ya 1966, inamhusu Diouana, msichana anayechukuliwa na waajiri wake hadi Antibes, Ufaransa, akidhani atalea watoto, kumbe anageuzwa mtumishi wa kila kazi. Ya tatu ni *Mandabi* ya 1968: mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya posta na mpwa wake aliyeko Paris, lakini hawezi kuichukua kwa sababu hana kitambulisho.

Kupata majina ni rahisi. Kazi iko kwenye kupata nakala iliyo sahihi. *Mandabi* ilipigwa mara mbili, kwa Kiwolof na kwa Kifaransa. Tafuta ya Kiwolof, hata kama utalazimika kusoma tafsiri chini ya picha, maana kisa chote ni cha mtu anayekwama mbele ya makarani na karatasi za Kifaransa. Akianza kuongea Kifaransa nyumbani kwake, ukuta ule unaporomoka. *La Noire de...* nayo ina nakala ya takriban saa moja, yote nyeusi na nyeupe, na nyingine ndefu kidogo yenye kipande cha rangi Diouana anapowasili Ufaransa. Mwanafunzi akiziona zote mbili, atajifunza jinsi rangi inavyobeba matumaini ya mhusika.

Tazama pia umbo la picha. *La Noire de...* ilipigwa kwa fremu inayokaribia mraba, kwa hiyo kwenye runinga ya leo lazima pabaki weusi kulia na kushoto. Picha ikijaa kioo chote, ama watu wamevutwa wakanenepa, ama vichwa na miguu vimekatwa. Nakala ya namna hiyo iache, kwani huwezi kusoma mpangilio wa mwongozaji ndani yake.

Filamu zote tatu zimekwisha kusafishwa upya, na mradi wa Martin Scorsese wa sinema za dunia ulishiriki katika mbili za mwanzo. Kwenye mtandao, tafuta kwa majina yote: *La Noire de...* huitwa pia *Black Girl*, na *Mandabi* huitwa *Le Mandat* au *The Money Order*. Anayetaka kuonyesha darasani aulize Alliance Française iliyo karibu, Nairobi au Dar es Salaam, kuhusu hazina ya filamu iitwayo Cinémathèque Afrique. Hazina hiyo hutoa filamu za Kiafrika kwa maonyesho yasiyo ya biashara. Katika ombi, taja lugha ya nakala unayoitaka.