Kizibo chenye tundu: kukagua chupa ya divai kwa picha

Katekista wa kigango kimoja cha vijijini, huku kwetu Ufipa, alitutumia picha ya chupa ya divai iliyonunuliwa dukani Sumbawanga mjini. Mfadhili alitaka iende altareni, na mzee alikuwa na wasiwasi nayo.

Picha ya kwanza haikutosha, tukamwomba aisimamishe chupa dirishani na kupiga tena. Divai iliyofungwa kiwandani hupanda hadi shingoni, karibu na kizibo. Hii iliishia mabegani. Lebo ilikuwa halisi, ila pembe zake zilikunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Hilo peke yake si kosa, maana hata chupa halali hulowa kwenye ndoo ya barafu.

Kilichotuamulia ni kizibo. Tulimwomba akate ile plastiki nyekundu ya shingoni, apige picha kwa juu kabla ya kuzibua. Katikati palikuwa na tundu dogo lililozibwa kwa nta. Kizibo kipya hakina tundu. Hilo ni alama ya kizibuo kilichokwisha kupita. Tena uso wake ulikuwa mweupe, umekatwa kwa kisu. Kizibo kikitoka hutanuka, na mkono hauwezi kukirudisha chote, basi anayejaza upya hukata kinachobaki nje. Plastiki mpya huificha kazi hiyo, kwa kuwa hushika shingo kwa maji ya moto tu.

Na stempu ya TRA? Tangu 2019 chupa za vileo hubandikwa stempu ya kielektroniki, na programu ya Hakiki Stempu huisoma kwa simu. Ikitaja bidhaa nyingine, kesi imekwisha. Ikitaja divai ile ile, bado angalia kama imechanika na kugundishwa, kwa sababu stempu halisi iliyobanduliwa kwenye chupa tupu hujibu vizuri vilevile. Kwa konyagi na vinywaji vingine vikali vya kifuniko cha kuzungusha, tazama pete iliyo chini ya kifuniko: vijino vyake vikiwa vimekatika kabla hujafungua, mwingine amekutangulia.

Picha haionji. Chupa isiyo na kasoro yoyote inaweza kuwa na siki ndani, na Kanuni ya 924 inadai divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Kilichochanganywa na spiriti, sukari na rangi hakifai kwa Misa, hata kama lebo inasema Dodoma. Sakristia iimimine kidogo kwenye glasi siku moja kabla, inuse na kuonja, si asubuhi ya Jumapili watu wakiwa wameshaketi.

Mzee hakuipeleka chupa ile altareni. Alimrudishia mwenye duka, kizibo kikiwa kwenye bahasha.