Mteja wa siri kwenye kaunta ya famasi

Saa kumi na mbili jioni mwanamke anaingia famasi, anafika kaunta na kusema, "Habari ya jioni, dada. Naomba dawa ya kuharisha, ni ya mtoto." Kisha ananyamaza, na hapo ndipo kazi yake inapoanza. Ametumwa na mwenye famasi, na anasubiri kuona kama ataulizwa chochote kabla dawa haijawekwa mbele yake.

Huyu ndiye mteja wa siri. Wenye maduka wengi humtumia kupima salamu, tabasamu na usafi wa sakafu. Kwenye famasi hayo hayatoshi. Mtoa dawa anaweza kuwa mchangamfu na bado akauza antibayotiki isiyohitajika. Kwa maoni yangu, pimeni kwanza anachouliza na anachoelekeza.

Tuchukulie famasi tano za mmiliki mmoja jijini Mwanza: Kirumba, Igoma, Buzuruga, Nyegezi na Mkolani. Kuharisha kwa mtoto ni kisa kizuri cha kuanzia kwa sababu jibu sahihi linajulikana. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaelekeza mtoto apewe ORS pamoja na zinki; mwongozo wa mwaka huo ulitaja zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita. Kuharisha kwa kawaida hakuhitaji antibayotiki.

Mteja wa siri anapewa maelezo ya kukariri: mtoto yuko nyumbani, ana mwaka na nusu, ameanza kuharisha jana, anakunywa vizuri. Haya anayasema akiulizwa tu. Katika nusu ya ziara kuna jambo moja la ziada: kinyesi kina damu. Hapo mtoa dawa anatakiwa kumwelekeza mama ampeleke mtoto kituo cha afya. Asipouliza, damu ile haitajwi, na fomu inaonyesha wazi kilichokosekana.

Fomu yenyewe ndiyo hukosewa mara nyingi. Swali kama "Je, alieleza vizuri?" kila mtu hulijibu kwa moyo wake. Liandikwe: "Je, alitaja kiasi cha maji ya kuchanganyia ORS?" Jibu ni ndiyo au hapana. Maswali 12 ya namna hiyo yanatosha, kwa sababu fomu hujazwa kwa kumbukumbu, nje ya duka, ndani ya dakika 15. Kabla ya kuanza, wateja wa siri wawili watazame igizo moja la mazungumzo, kila mmoja ajaze fomu peke yake. Pale wanapotofautiana, rekebisheni swali kabla ya kumlaumu mtu.

Wafanyakazi waambiwe mapema kwamba ndani ya miezi mitatu watatembelewa na watu wasiowajua, na kwamba majina yao hayataandikwa. Siku zisitajwe. Ziara zigawanywe asubuhi, jioni na Jumamosi, maana huduma ya saa nne, duka likiwa tupu, si ile ya jioni foleni ikiwa mlangoni. Mwishoni kila tawi liulizwe: mnadhani alikuja lini? Wakitaja siku yenyewe, ziara hiyo ifutwe.

Sasa hesabu. Ziara nne kwa kila tawi ni ziara 20. Mmiliki atatamani kupanga matawi kuanzia la kwanza hadi la mwisho, na hapa namsihi asifanye hivyo. Tuseme tawi huuliza kuhusu damu nusu tu ya nyakati. Katika ziara nne, bahati peke yake inaweza kulipa alama tatu au nne, na uwezekano wa hilo ni 5 kati ya 16, karibu theluthi moja. Kwa bahati hiyo hiyo linaweza kupata moja au sifuri. Kumpa mtu zawadi au barua ya onyo kwa ziara nne ni kumdhulumu. Ziara zote 20 zikisomwa pamoja, swali kwa swali, zinaaminika zaidi.

Tuseme matokeo yanaonyesha ORS ilitolewa mara 16, lakini zinki mara 5 tu. Kabla ya kuitisha mafunzo, mmiliki afungue daftari la stoo la kila tawi na kulinganisha tarehe. Huenda siku nyingi kati ya zile ambazo zinki haikutolewa, haikuwa rafuni. Mtoa dawa hawezi kuuza asichonacho, na dawa ya tatizo hilo iko kwa anayeagiza mzigo. Zile ziara ambazo zinki ilikuwepo na bado haikutajwa ndizo za kukaa na wafanyakazi na kuzungumza nao.