Sekunde Zilizofichwa Ndani ya Slaidi

Mwalimu wa baiolojia ana video ya dakika sita inayoonyesha jinsi moyo unavyofanya kazi. Anachotaka wanafunzi wakione ni vali zikifunguka na kufungwa tu, kuanzia 02:10 hadi 02:48. Wengi hukisogeza kishale kwa kubahatisha mbele ya darasa, darasa likingoja. Hakuna haja, kwa kuwa PowerPoint imekuwa na mkasi wake wa video tangu toleo la 2010.

Video ikishawekwa kwenye slaidi kutoka kwenye kompyuta, ibofye mara moja, nenda Playback, kisha Trim Video. Kidirisha kitakachofunguka kina alama ya kijani ya mwanzo na nyekundu ya mwisho. Kuziburuta kwa puku huleta takriban tu. Ni afadhali kuandika nyakati zenyewe kwenye Start Time na End Time. Msemaji akikatwa katikati ya neno, ongeza nusu sekunde mwishoni, usikilize tena. Kwenye Start chagua Automatically, na vali zitaanza kucheza slaidi inapofunguka.

Mkasi huu hukata ncha mbili tu. Anayetaka kuondoa kipande cha katikati itambidi aweke video ileile kwenye slaidi mbili, kila moja na nyakati zake. Tena, haufanyi kazi kwa video inayochezwa moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: hakuna kilichokatwa. PowerPoint imeandika tu mahali pa kuanzia na pa kuishia, na dakika zote sita bado zimo ndani ya faili. Ndiyo maana faili halipungui uzito hata kidogo. Kwa somo la moyo hiyo ni kero ndogo. Kwa video ya kikao ambayo mwanzoni mwake watu wanajadili mishahara, ni hatari ya kweli, maana yeyote atakayetumiwa faili anaweza kufungua Trim Video, akaburuta alama ya kijani hadi mwanzo, na kusikia yote.

Dawa yake ni Compress Media, inayopatikana kwenye File, kisha Info. Hapo ndipo sehemu zilizofichwa hufutwa kabisa. Ubora wa picha unaweza kushuka, hasa ukichagua Standard (480p), ambayo maandishi madogo hayasomeki vizuri; kwa ukumbi wenye projekta, HD (720p) inatosha. Hifadhi kwanza nakala ya faili la awali, kwa sababu ukishafunga programu hakuna kurudi nyuma.

Kabla ya kulituma faili, lifungue upya na uangalie Trim Video. Alama ya kijani ikiwa kwenye sifuri na urefu wote ukiwa sekunde 38, mabaki yameondoka. Ikionyesha bado dakika sita, usilitume.